Ndio Isiyo na Y

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna kosa lililonichefua kama la mtoto kuandika "ndio" pale anapojibu swali. Kila Januari nilikuwa naandika ubaoni kwa chaki nyekundu: NDIYO INA Y. Aliyesahau alikula viboko viwili, kimoja cha kusahau na cha pili cha kunirudisha nyuma. Watoto wakanibandika jina, Mwalimu Ndiyo. Nilijidai kulikasirikia, lakini kusema kweli lilinipendeza. Natanguliza haya ili asije mtu akanionea huruma huko mbele.

Nilipostaafu, kata yetu ikanipa kazi ya ukatibu wa Baraza la Kata. Hapa kwetu Bondei kesi ni za mashamba tu: fulani kasogeza jiwe, fulani kapanda mihogo kwa mwenzake. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya mtendaji, wakasikiliza, wakauliza, na mimi nikaandika. Kulikuwa na utaratibu niliourithi kwa katibu aliyenitangulia: swali haliandikwi. Yanaandikwa majibu peke yake, moja baada ya jingine, ili daftari lisijae upesi. Mtu akiulizwa "Ulizaliwa hapa?" akajibu "Ndiyo," mimi naandika, "Nilizaliwa hapa." Niliona ni utaratibu mzuri, na mara nyingi ulikuwa mzuri kweli.

Kesi ninayoisimulia ilikuwa ya Bi Zamoyoni, mjane wa marehemu Shekue, na jirani yake Hemedi Mbaruku. Kati ya mashamba yao kuna kipande kirefu chembamba chenye michungwa ishirini na miwili. Upande mmoja wa kipande hicho kuna mfereji wa zamani, umejaa majani lakini unaonekana. Upande wa pili, ule wa Bi Zamoyoni, kuna safu ya minyaa, ile miti ya ua yenye utomvu mkali. Hemedi alisema mpaka ni minyaa, kwa hiyo michungwa ni yake. Bi Zamoyoni alisema mpaka ni mfereji, na minyaa aliipanda mumewe ili mbuzi wa baba yake Hemedi, waliokuwa wakivuka mfereji na kula miche ya michungwa, angalau wasifike kwenye mahindi. Michungwa hiyo Shekue aliipanda mwaka waliooana. Mjane huyo hakuwa na kitu kingine cha kumwingizia chochote, na binti yake wa mwisho alikuwa chuo cha uuguzi kwa machungwa hayo hayo.

Shahidi alikuwa mmoja tu mwenye uzito: Mzee Mbelwa, aliyeshika kamba siku mashamba yale yalipogawanywa, kabla wengi wetu hatujaota meno. Alikuwa amezeeka sana, haoni mbali, lakini akili yake ilikuwa safi kabisa. Tukampeleka shambani.

Siku hiyo mvua za vuli zilikuwa zinanyunya. Mwenyekiti wetu, Mama Chausiku, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alimshika mzee mkono mpaka kwenye minyaa. Mimi nyuma yao, daftari kifuani chini ya mfuko wa nailoni, kalamu mdomoni.

"Mzee wangu," alisema Mama Chausiku, "mpaka huu wa minyaa unaujua?"

"Ndiyo," akajibu Mzee Mbelwa. Akainyoshea minyaa ile fimbo yake, akacheka. "Utomvu wake uliwahi kunitia upofu siku mbili. Nitaachaje kuujua?"

Watu wakacheka. Hemedi peke yake hakucheka. Tukavuka kati ya michungwa, tukateleza, mjumbe mmoja akakaa chini kwenye tope bila kupenda, wenzake wakamwambia asante kwa kutupimia udongo. Tukafika mferejini.

"Na huu wa mfereji, Mzee?"

Mzee Mbelwa alishuka mferejini kwa miguu yake mwenyewe, akasimama katikati, majani yakimfika magotini, akachoma fimbo ardhini.

"Huu," akasema, "ndio."

Kila aliyekuwepo alielewa. La kwanza lilikuwa jibu, mtu kaulizwa kama anaujua akakubali kwamba anaujua. La pili halikuwa jibu la kukubali chochote, lilikuwa la kuonyesha: huu, si ule. Sauti yake ilikuwa nyingine, fimbo ilikuwa nyingine. Mama Chausiku akanigeukia. "Katibu, umepata?"

"Nimepata," nikasema.

Nilichopata ni hiki. Mvua ilikuwa inaingia chini ya nailoni, nami nilikuwa naandika kwa kusimama, kwa haraka, bila kugeuza jibu kuwa sentensi kamili. Sikuandika maswali, kwa sababu hatuandiki maswali. Niliandika mistari miwili:

*Mpaka wa minyaa: ndio.*

*Mpaka wa mfereji: ndio.*

Ndiyo ya kwanza niliinyima y. Mimi. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea simu, ambako kila mtu anaandika "ndio" na hakuna wa kumchapa, na siku ile ukafanya ulivyozoea. Hata nilipofika nyumbani na kunakili kwa kalamu ya wino katika daftari kubwa, nilinakili vilevile, na nikapiga mstari chini kwa rula.

Baraza likaamua mpaka ni mfereji. Bi Zamoyoni akashika mikono ya wajumbe mmoja mmoja, na wangu akaushika kwa mikono yake miwili. Hemedi akakata rufaa kwenda Baraza la Ardhi la Wilaya. Haki yake. Kabla rufaa haijasikilizwa Mzee Mbelwa akafariki dunia, tukamzika, na katika dunia nzima ushahidi wake ukabaki mistari yangu miwili.

Nikaitwa wilayani. Barua ilisema nije kufafanua mwenendo wa kesi. Nikapiga pasi shati jeupe.

Kwenye ukumbi wa nje nikakutana na karani wa baraza lile, binti mmoja anaitwa Tunu Sempombe. Nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa amebeba mafaili mpaka kidevuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tunu. Umekuwa mkubwa, mafaili yamekuzidi."

Akacheka, akayaweka mafaili juu ya meza, akatazama huku na huku. "Mwalimu, nimepitia mwenendo wenu. Naomba usinielewe vibaya." Akafungua ukurasa wenyewe, alishauwekea kikaratasi. "Hii ya kwanza, hapa kwenye minyaa. Mzee si alikuwa anakubali tu? Si ilitakiwa iwe na y?"

Niliitazama. Nikaona papo hapo. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja hahitaji dakika, jicho linaenda lenyewe.

"Maana Mwenyekiti wetu ni mtu wa sarufi," Tunu akaendelea kwa sauti ya chini. "Yeye anaisoma pamoja na mpaka. Mpaka ndio, mipaka ndiyo. Anasema kama mzee angekuwa anakubali tu, mwalimu kama wewe angeandika kwa y. Ukimwambia tu kwamba kalamu iliteleza, yatakwisha." Kisha akatabasamu, na naapa hakuwa na ubaya. "Mwalimu jamani, kwa y hii hii ulinichapa mpaka nikaikimbia shule siku mbili."

Laiti asingesema hilo la mwisho. Au laiti mimi ningekuwa mtu mwingine. "Tunu," nikasema, "mimi naandika Kiswahili, sibahatishi." Akashusha macho, akasema, "Sawa, Mwalimu," akabeba mafaili yake.

Ndani mlikuwa na feni linalonguruma, Hemedi na kaka yake upande mmoja, na Bi Zamoyoni upande wa pili, peke yake, na kanga mpya. Aliponiona naingia uso wake ukafunguka. Alidhani nimeitwa kumsaidia.

Mwenyekiti wa Wilaya alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alinikaribisha kwa heshima zote.

"Mwalimu, nimesikia sifa zako. Ndiyo maana nimeona tusikisie wakati mwandishi mwenyewe yupo." Akageuza daftari letu linielekee. "Hapa umeandika, mpaka wa minyaa, ndio. Na hapa, mpaka wa mfereji, ndio. Nisaidie. Shahidi alisema minyaa ni mpaka, au ndio mpaka?"

Swali lilikuwa limenyooka kabisa. Hilo ndilo somo nililolipenda kuliko yote. Nilikuwa nawaambia watoto: ukisema Kombo ni mwizi, umemtukana Kombo, na wezi wengine wanaweza kuwepo. Ukisema Kombo ndiye mwizi, umefunga milango, umewaachia wengine wote, na Kombo anakwenda jela. "Ni" inataja. "Ndi" inachagua. Na kuna "ndiyo" ya tatu, isiyotaja wala kuchagua, ya kumwambia mwenzio nimekusikia, nakubali. Mzee Mbelwa kwenye minyaa alisema hiyo ya tatu. Nilijua. Nilikuwepo, nilisikia, nilicheka na wenzangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mpaka uko katika ngeli ya U-I. Kwa umoja ni ndio, kwa wingi ni ndiyo. Nilivyoandika ndivyo sarufi inavyotaka."

"Sarufi haina shida. Nauliza hivi: huenda shahidi alijibu tu naam, na wewe ukaacha y? Maana wengi wetu siku hizi tunaiacha."

Kalamu ya Tunu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Hakunitazama. Bi Zamoyoni alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa taratibu kama mama anayemtia moyo mtoto anayesoma mbele ya watu. Yeye hakujua tunazungumzia nini. Herufi moja! Nani angedhani michungwa yake inaning'inia kwenye herufi moja?

"Siiachi, Mheshimiwa," nikasema. "Watu wengi wanaiacha. Mimi siiachi."

"Kwa hiyo hukukosea."

"Ndiyo. Sikukosea."

Tunu akaandika.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Shahidi Mbelwa, ilisema, alipoonyeshwa minyaa alisema ndio mpaka, na alipoonyeshwa mfereji alisema ndio mpaka. Mtu mwenye mipaka miwili ya shamba moja hawezi kuaminiwa kwa wowote. Ushahidi wake ukawekwa kando. Kilichobaki ni minyaa, ambayo ilikuwa imesimama pale miaka mingi kila mtu akiiona. Rufaa ya Hemedi ikakubaliwa.

Nje Bi Zamoyoni alinifuata. Nikadhani sasa yamenifika.

"Ahsante, Mwalimu, kwa kuja," alisema. "Najua umeacha shughuli zako. Umesema vizuri, sema tu wenyewe wameamua vingine."

Nikamwambia Mungu yupo. Alikuwepo kweli, tena alikuwa amenisikia mle ndani.

Siku ya kumi na moja baada ya hukumu, Hemedi alianza kukata. Sikwenda kutazama. Kutoka barazani kwangu mashamba yale hayaonekani, lakini panga husikika. Mchungwa ni mti mgumu, panga haliingii mara moja, kwa hiyo nilihesabu mapigo bila kutaka kuhesabu. Nikiingia ndani, nasikia. Nikiwasha redio, nasikia chini ya redio. Mke wangu akasema, "Huyu Hemedi si angeuza machungwa kwanza?" Nikamkaripia bila sababu, akaniangalia kwa mshangao, akaenda zake jikoni.

Alikata tisa siku hiyo. Watu walisema anataka kupanda mihogo haraka, ardhi ionekane inatumika, mtu akija na rufaa nyingine aikute si bustani ya mjane tena.

Jioni ile ile Bi Zamoyoni akaja kwangu. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye ngazi. Mikononi alikuwa na nakala ya hukumu ndani ya bahasha, na kalamu mpya, bado ina kifuniko chake.

"Mwalimu, nimeambiwa nina siku sitini za kwenda Mahakama Kuu. Kumi na moja zimekwisha. Mimi maneno ya kuandika sina. Nimefikiri, nani anajua maneno hapa kwetu? Wewe ndiye." Akanipa kalamu. "Hata nikishindwa, nishindwe kwa maneno mazuri."

Niliishika ile kalamu. Nikamwuliza maswali mawili matatu ya bure, tarehe, jina kamili la marehemu, ili nisinyamaze. Kisha nikamwambia aniachie karatasi, nitaangalia. Alipoondoka nikakaa na hukumu mapajani. Ukurasa wa nne, mstari wa saba: *Katibu wa Baraza la Kata, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amethibitisha kwamba hakukosea.* Nilisoma mstari ule mpaka maneno yakapoteza maana. Nilikuwa na aibu ya kweli, si ya kusingizia, na bado sehemu yangu moja, ile mbaya, ilikuwa inatafuta njia ya kumsaidia bila mtu kujua kosa ni la nani.

Niliitafuta siku tatu. Haipo.

Siku ya nne nikapanda gari kwenda Tanga, kwa wakili mmoja kijana aliyependekezwa na Tunu. Ndiyo, nilimpigia Tunu. Nilimwambia, "Mwanangu, ulikuwa sahihi kuhusu y." Akanitajia jina la wakili, mtaa na ghorofa. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Wakili akanisikiliza, akasoma hukumu, akagonga meza kwa kidole. "Hii inasaidia, Mzee. Hati ya kiapo ya katibu mwenyewe, Mahakama Kuu itaitazama. Lakini sikufichi, watauliza kwa nini wilayani ulisema vingine." Akavuta kompyuta. "Tuandike kistaarabu tu. *Kwamba, katika kunakili maelezo ya shahidi, kulitokea hitilafu ya kiuandishi.*"

"Kulitokea?"

"Ndivyo tunavyoandika, Mzee wangu. Haikuumizi."

"Mvua hutokea," nikasema. "Hii haikutokea. Andika, ndimi niliyekosea."

Akatabasamu. "Ndimi? Mzee, Kiswahili hicho cha zamani, jaji atadhani unaongelea ulimi."

"Basi andika, mimi ndiye."

"Naweza kuweka, ni kosa la katibu."

"Ni kosa la katibu, katibu yupi? Makatibu wamejaa nchi nzima. Andika, mimi ndiye niliyekosea, na nilipoulizwa wilayani kama nilikosea nilisema uongo, kwa sababu niliona aibu."

Vidole vyake vikasimama. "Hicho cha uongo kinaweza kukuletea matatizo, Mwalimu. Kusema uongo mbele ya baraza ni jambo la kushtakiwa."

"Najua."

"Una hakika?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, rahisi, laini, la kukubali kila kitu bila kubeba kitu. "Nina hakika," nikasema. Akachapa. Nikaapa, nikaweka saini, akagonga muhuri.

Ningeweza kuishia hapo. Karatasi ilikuwa imekwisha kusema yote, na yeye angeisikia ikisomwa mahakamani, mbele ya watu, siku moja miezi mingi ijayo. Gari liliponishusha njia panda nilisimama kidogo, mguu mmoja unataka kwenda nyumbani. Kumwambia jaji nisiyemjua kulikuwa na nafuu. Nikageukia njia ya kwake.

Ilikuwa mchana. Bi Zamoyoni alikuwa amekaa uani kwenye kibao, anamenya muhogo, maganda yakiangukia kwenye ungo. Nyuma yake, kule chini, palikuwa peupe, anga imeshuka mpaka chini pale ilipokuwa michungwa. Hemedi alikuwa amemaliza yote. Ishirini na miwili. Magogo yalikuwa bado yamelala, na machungwa mabichi yametapakaa chini, mengine watoto wanayachezea mpira.

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikampa nakala ya hati. Akaifuta mikono, akaipokea, akautazama muhuri, akanirudishia. "Nisomee."

Sikuisoma. Nilimwambia kwa mdomo wangu.

Nikamwambia juu ya siku ile ya mvua. "Ndiyo," akasema, anamenya. Nikamwambia Mzee Mbelwa alivyoulizwa kama anaujua mpaka wa minyaa, akakubali kwamba anaujua, hakusema zaidi. "Ndiyo. Nilikuwepo." Nikamwambia mimi niliandika neno lile bila herufi moja, na herufi hiyo ilipokosekana, jibu likageuka likawa ushahidi. Nikamwambia wilayani walinipa nafasi ya kusema nimekosea, si mara moja, mara tatu, karani mara moja, mwenyekiti mara mbili. "Ndiyo," akasema. Kisu hakikusimama. Nikamwambia nilijua tangu ukumbini. Nikamwambia nilikataa kwa sababu sikutaka mtoto niliyemchapa aone nimekosea kosa nililomchapia.

Hapo kisu kikasimama kidogo. Akakitazama kile kipande cha muhogo, akakitoa doa jeusi kwa ncha ya kisu, akakitupia sufuriani.

"Herufi moja," akasema.

"Moja."

"Ile ulipokuwa unasema mbele, mimi nakutikisia kichwa. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ndiyo," akasema.

Nikamwambia hati imekwisha kuapiwa, siku bado zipo, wakili anasema kuna tumaini ardhi irudi. Michungwa haitarudi, hilo sote wawili tuliliona bila kusema. Nikamwambia binti yake asiache chuo, ada nitailipa, mimi na mke wangu tutakula tunachokula. Lilibaki moja tu, na hilo nilikuwa nalizunguka tangu Tanga.

"Bi Zamoyoni," nikasema, "mimi ndiye niliyekufanyia haya. Si mvua, si Hemedi. Naomba unisamehe."

"Ndiyo," akasema.

Akachukua muhogo mwingine.

Ilikuwa sauti ile ile. Haikupanda, haikushuka, haikutofautiana hata kidogo na zile alizonijibu tangu nilipokaa, za mtu anayemsikiliza mgeni mpaka amalize. Huenda alikuwa amenisamehe. Huenda alikuwa ameniambia tu kwamba amesikia. Nikamtazama usoni nione, lakini uso ulikuwa umeinama juu ya kisu. Nikangoja aongeze neno, lolote, hata tusi. Alimenya mpaka ungo ukajaa maganda.

Nilitamani kumwuliza amesema ipi. Swali lilinifika kooni, nikalimeza, kwa sababu katika watu wote wa kata ile mimi ndiye nisiyekuwa na haki ya kumtaka mtu afafanue. Nikaaga, akaitikia. Nikashuka njia ya kupita katikati ya magogo.